Mzee anayeyumba akifumba macho: safari ya mguso kutoka kidole cha mguu hadi ubongoni

Alfajiri, kabla msikiti haujajaa, Mzee Hamadi anasimama kwenye bomba la uani kutia udhu. Anaosha viganja, anasukutua, anapandisha maji puani, na mpaka hapo hana tatizo. Anapojimwagia maji usoni na kufumba macho, mwili unaanza kuyumba kama mtu aliyesimama kwenye ngalawa, na mkono unautafuta ukuta. Wiki iliyopita ukuta haukupatikana kwa wakati, akaanguka. La ajabu ni kwamba miguu ina nguvu zake zote. Mchana anakwenda sokoni na kurudi na kapu lililojaa. Shida inamjia usiku umeme ukikatika, au macho yakifumbwa.

Mzee huyu nimembuni, ila dalili zake sikuzibuni. Katika karne ya 19 daktari wa Berlin aitwaye Moritz Romberg alieleza wagonjwa wanaosimama vizuri macho yakiwa wazi na kuyumba mara wanapoyafumba. Wengi walikuwa na kaswende iliyokwisha kula uti wa mgongo. Mpaka leo kipimo hicho kina jina lake, na hakigharimu hata shilingi.

Kwa nini macho? Kusimama wima kunategemea habari za aina tatu: tunachokiona, kinachosemwa na sikio la ndani kuhusu kichwa kilivyoinama, na kinachosemwa na miguu yenyewe kuhusu sakafu na viungo vilivyojikunja. Mtu anaweza kupoteza moja kati ya hizo tatu na bado akasimama. Mzee Hamadi amepoteza habari za miguuni, na kwa kuwa macho yanamfidia, mchana hajui kama amepoteza kitu. Akiyafumba, anabakiwa na sikio peke yake, na peke yake halitoshi.

Wazee wetu walihesabu milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Huu wa sita hawakuuhesabu, na siwalaumu, kwa sababu haujitangazi. Fumba macho, peleka mkono nyuma ya kisogo, kisha useme vidole vimekunjwa au vimenyooka. Unajua, lakini hujui umejuaje. Nitauita hisi ya mkao. Unasafiri njia moja na mguso mwepesi na mtetemo, na ndiyo maana hizo tatu mara nyingi hupotea pamoja.

Tuanze chini kabisa, kwenye kidole gumba cha mguu. Ngozini mna vipokezi vidogo vyenye kazi zilizogawanywa. Vipo vinavyojibu shinikizo linalokaa, kwa mfano unyayo ukiwa juu ya sakafu. Vingine vinashtuka kitu kinapoteleza juu ya ngozi, kisha vinanyamaza. Ndani zaidi vipo vilivyoviringishwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na hivyo ndivyo bingwa wa mtetemo: vinajibu vizuri kabisa mitetemo ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Hisi ya mkao haitegemei sana ngozi, wala hata kiungo chenyewe, ingawa vitabu vingi vinaiita hisi ya viungo. Mchango mkubwa unatoka ndani ya misuli, kwenye vijisokota vyembamba vinavyopima msuli umevutika kiasi gani. Kidole kikiinuliwa, misuli ya upande mmoja inavutika na ya upande wa pili inalegea, na ubongo unasoma tofauti hiyo.

Kila kipokezi kimeshikwa na ncha ya seli ya neva, na seli hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Kiini chake kimekaa pembeni mwa uti wa mgongo, kwenye kifundo kidogo mahali neva inapoingilia. Kutoka hapo unateremka mkia mmoja mpaka kidoleni, na wa pili unapanda ndani ya uti wa mgongo bila kusimama kituo chochote, mpaka chini kabisa ya ubongo, karibu na kisogo. Hiyo yote ni seli moja. Kwa mtu mrefu ina urefu unaozidi mita moja na nusu, na hakuna seli ndefu kuliko hizo mwilini.

Nyuzi hizi ni nene, na zimeviringishwa mafuta yanayoitwa mielini, kama waya uliovishwa mpira. Kwa sababu hiyo zina kasi: habari inapita kwa mita 35 hadi 75 kila sekunde. Nyuzi nyembamba kabisa za maumivu hazina vazi hilo, na zinajikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde. Umewahi kujikwaa kidole kwenye mguu wa kitanda? Kwanza unajua umegonga, kisha unapata kanafasi kadogo ka kusema “eeh, hii itauma”, na ndipo maumivu mazito yanapowasili. Ulichokipata kabla yake kilikuja kwa barabara ya haraka.

Sasa tuingie ndani ya uti wa mgongo. Nikisema uti wa mgongo hapa sina maana ya mifupa. Nakusudia ule ugwe laini unaopita katikati ya pingili, ambao haufikii unene wa kidole chako kidogo. Nyuma yake, upande unaotazama ngozi ya mgongo, kuna safu mbili za nyuzi nene, moja kulia na moja kushoto. Hizi ndizo safu za nyuma, barabara ya mguso, mtetemo na mkao.

Nyuzi zinaingia kwa utaratibu ambao nisingejua kuueleza vizuri kama nisingewahi kuona mkeka ukishonwa. Mshonaji ana ukili mrefu wa ukindu. Kila ukili mpya anauunga kwenye ukingo wa ule uliotangulia, haupenyezi katikati, na hivyo ule wa kwanza unazidi kuwa mbali na ukingo. Safu za nyuma zinajengeka vivyo hivyo. Nyuzi za chini kabisa, za makalio na miguu, zinaingia kwanza na kukaa karibu na mstari wa katikati. Za kiwiliwili zinapoingia juu zaidi zinajipanga nje ya hizo, na za mkono na shingo zinakuja mwisho na kukaa ukingoni. Kuanzia kifua cha kati kwenda juu, safu inagawanyika mafungu mawili: la ndani, jembamba, ni la mguu, na la nje, lenye umbo la kabari, ni la mkono.

Kwa nini mpangilio huu una uzito? Kwa sababu ishara zinazopanda zinafanana. Msukumo wa umeme ndani ya uzi wa kidole cha mguu hauna tofauti yoyote na ule wa uzi wa kidole cha mkono. Hakuna barua ndani yake inayosema “natoka gumbani, nimeguswa na changarawe”. Ubongo unajua habari imetoka wapi kwa kuangalia ni waya gani umelia, na unajua nguvu ya mguso kwa kuhesabu umelia mara ngapi. Kwa hiyo jirani lazima abaki karibu na jirani yake tangu kidoleni mpaka mwisho wa safari, maana mpangilio ndio anwani yenyewe.

Safu za nyuma zinaishia sehemu ya ubongo inayoungana na shingo, iitwayo medula. Hapo seli yetu ndefu inakabidhi ujumbe kwa seli ya pili, na hapo tu ndipo barabara inapovuka. Seli ya pili inazunguka kwenda upande wa pili kama upinde, kisha inapanda ndani ya utepe bapa wa nyuzi. Kutoka hapo habari za mguu wa kulia ziko ubongo wa kushoto. Katika utepe huu mpangilio unageuka: ukizichora habari hizo kama mtu mdogo, mwanzoni amesimama, na kadiri zinavyopanda analala taratibu. Mkeka unazungushwa, lakini ukili hauachani na mwenzake.

Tutulie kidogo kwenye kuvuka huko, kwa sababu madaktari wanapata faida kubwa hapo. Maumivu na joto vina barabara yao, na hiyo inavuka mapema, ndani ya uti wa mgongo karibu na mahali neva ilipoingilia. Mguso safi na mkao vinavuka juu kabisa. Basi chukulia mtu aliyechomwa kisu mgongoni, na kisu kikakata nusu ya kulia ya uti wa mgongo. Chini ya jeraha, mguu wa kulia unakosa nguvu, haujui mtetemo wala mkao, lakini ukichomwa pini unahisi. Mguu wa kushoto una nguvu na unajua uko wapi, lakini haujui moto wala pini. Aliyeufumbua mtandao huu ni mwana wa bahari yetu ya Hindi, Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817. Ukimkuta mgonjwa wa namna hiyo, unaweza kuonyesha kwa kidole mahali ugwe ulipokatika kabla ya picha yoyote kupigwa.

Turudi njiani. Utepe unafika thalamasi, kundi la seli katikati ya ubongo ambalo takriban kila habari ya hisi, isipokuwa harufu, inapitia. Mguu una sehemu yake, mkono wake, na uso unaungana nao hapo kupitia neva yake mwenyewe, kwani uso haupiti uti wa mgongo. Seli ya tatu inapokea na kupanda mpaka juu, kwenye gamba la ubongo. Kwa hiyo kutoka kidole hadi fahamu kuna seli tatu na makabidhiano machache tu. Nimekaa na wanafunzi waliokariri majina kumi na mawili ya Kilatini ya njia hii bila kulishika hili moja, na hili moja ndilo lenye manufaa.

Mwisho wa safari ni mkunjo mmoja wa ubongo unaoshuka kutoka utosini hadi usawa wa sikio, kama utepe wa nywele aliouvaa mtu. Ramani yake tunayo hasa kwa sababu ya Wilder Penfield, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Alikuwa akiwapasua watu wenye kifafa sugu huku wakiwa macho, ngozi ya kichwa ikiwa imetiwa ganzi. Hilo linawezekana kwa kuwa ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Kabla ya kukata chochote alitaka kujua asiharibu nini, basi akagusa gamba kwa umeme mdogo, sehemu baada ya sehemu, akimwuliza mgonjwa anahisi nini. Jibu lilikuwa mchonyoto gumbani, ganzi mdomoni, au kidole kama kinasogea. Hawakusema wameguswa na kitambaa au na maji. Umeme ulikuwa umebisha waya, haukuleta habari yenye maana. Mwaka 1937 yeye na Edwin Boldrey walichapisha ramani iliyokusanywa kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mia moja.

Ndani ya chapisho hilo alichorwa kijitu. Jina la Kilatini wanalolitumia wanasayansi, homunkulasi, maana yake ni hicho hicho, mtu mdogo. Miguu yake imening'inia katika ufa ulio kati ya nusu mbili za ubongo, kiwiliwili kiko utosini, mkono unateremka pembeni, kisha uso, midomo na ulimi kuelekea sikioni. Umbo lake linachekesha. Mikono ni mikubwa kama beleshi, midomo imevimba, na mgongo ni mwembamba kiasi cha kutia huruma.

Ukubwa huo haufuati eneo la ngozi, unafuata wingi wa waya. Jaribu nyumbani: chukua vijiti viwili vya meno, mgusishe mwenzako aliyefumba macho. Kwenye ncha ya kidole cha mkono atajua ni viwili hata vikiwa vimetengana milimita 2 au 3. Mgongoni unaweza kuvitenganisha milimita 40 na bado akaapa kwamba ni kimoja. Mchezaji bao anayechota kete shimoni na kuzigawa bila kuzitazama anaishi kwa sehemu hiyo pana ya ramani. Mwambie ahesabu kete kwa mgongo, hawezi.

Kijitu kimependwa mno, na picha inayopendwa mno huanza kuaminiwa kuliko inavyostahili. Kwanza, si kimoja. Ndani ya mkunjo ule kuna ramani nne zilizolala sambamba. Moja inapokea zaidi habari za misuli, yaani mkao, nyingine habari za ngozi zikiwa bado ghafi, na nyingine zinaunganisha hizo kupata umbo, ukubwa na ukwaruzo. Pili, Penfield aliweka viungo vya uzazi ndani ya ufa, chini ya vidole vya mguu. Vipimo vya picha za ubongo vya miaka ya karibuni vinaviweka karibu na nyonga na paja, kama mwili wenyewe ulivyo. Tena kijitu kilikuwa mwanamume, ramani ya mwanamke ikapuuzwa kwa miongo mingi.

Halafu kuna swali la kama ramani inabadilika. Miaka ya 1980 Michael Merzenich na wenzake walionyesha kwa nyani kwamba kidole kikikatwa, ardhi yake kwenye ramani inaanza kujibu vidole jirani. Na wapo watu waliokatwa mkono ambao ukiwagusa shavuni wanahisi pia mkono usiokuwepo, jambo linaloingia akilini ukikumbuka kuwa uso na mkono ni majirani kwenye kijitu ingawa mwilini wako mbalimbali. Hilo lilinifanya niamini kwa muda mrefu kwamba uso “unauteka” mkono. Leo nasema kwa tahadhari zaidi, maana picha za ubongo zimeonyesha ramani ya mkono uliokatwa ikiwa bado hai miaka mingi baadaye, na mwenyewe anapojaribu kusogeza vidole asivyokuwa navyo, inawaka.

Barabara ikikatika, aina ya upungufu hutegemea mahali. Ikikatika mwisho, kwenye gamba, mgonjwa anaweza kuhisi mtetemo na kujua ameguswa, lakini mpe ufunguo mkononi akiwa amefumba macho, ataugeuza na kuugeuza asijue ni nini. Vipande vya habari vimefika, aliyekuwa akiviunga hayupo. Ikikatika chini zaidi, hata vipande havifiki. Yupo Mwingereza aliyejulikana sana, Ian Waterman, ambaye mwaka 1971, akiwa na miaka 19, aliugua na nyuzi zake nene zikafa kutoka shingoni kwenda chini. Misuli ilibaki na nguvu, na maumivu na joto alivihisi. Lakini alilala kitandani asijue miguu iko wapi, na mikono ikaelea bila amri yake. Alijifunza upya kukaa, kula na kutembea kwa kutazama kila kiungo na kufikiri kila hatua. Taa ikizimwa ghafla, anaanguka.

Mzee Hamadi hayuko mbali kiasi hicho, lakini yuko kwenye barabara hiyo hiyo. Ana miaka 63, na kwa miaka 14 anatumia metfomini kwa ajili ya kisukari. Ganzi ilianza miezi mitano iliyopita, miguuni na muda mfupi baadaye vidoleni mwa mikono. Alipokwenda zahanati mara ya kwanza aliambiwa ni kisukari kimekula neva, akapewa dawa ya maumivu. Jibu hilo si la kijinga, kwani kwa wagonjwa wengi ndilo sahihi. Mara ya pili alikutana na tabibu kijana mwenye muda.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu.”

Alimwambia asimame miguu ikiwa pamoja, mikono ubavuni. Macho wazi, imara. Macho yakafumbwa, akayumba ndani ya sekunde tatu, na tabibu alikuwa tayari nyuma yake. Hatua hiyo peke yake ilikwisha kusema jambo. Kama hitilafu ingekuwa kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, unaoratibu mwendo, angeyumba hata macho yakiwa wazi.

Kisha akamlaza na kushika kidole gumba cha mguu. Hapa wengi hukosea. Wanakishika juu na chini, na mgonjwa anajibu kwa shinikizo la vidole vyao, si kwa mkao. Tabibu alikishika pande zote mbili, akakitenga na vidole jirani, akamwonyesha kwanza macho yakiwa wazi: hivi ni juu, hivi ni chini.

“Sasa fumba macho, mzee wangu. Kimepanda au kimeshuka?”

“Kimepanda.”

Kilikuwa kimeshuka. Mtu mzima mwenye afya anatambua msogeo wa nyuzi chache tu za pembe kwenye kidole hicho. Mzee alikosea mara tano kati ya nane, yaani alikuwa akibahatisha. Tabibu akapanda kwenye kifundo cha mguu, na hapo akapata majibu mengi sahihi.

Akatoa kile chuma chenye meno mawili mfano wa uma, kinachotetema mara 128 kwa sekunde, akakipiga na kukisimamisha juu ya mfupa wa kidole. “Unahisi nini?” “Baridi ya chuma.” Hilo ni jibu la kusikiliza vizuri. Ubaridi unapanda kwa barabara nyingine, na hiyo ilikuwa nzima. Mtetemo hakuuhisi kidoleni, kifundoni wala kwenye ugoko. Aliuhisi kwenye mfupa wa nyonga. Pini aliihisi kila mahali.

Mpaka hapo bado ungeweza kusema ni neva za miguu zimechoka kwa kisukari. Kilichobadilisha mwelekeo ni mambo matatu yaliyofuata. Goti lilipogongwa kwa nyundo ndogo, mguu uliruka kwa nguvu kuliko kawaida, na neva iliyochoka hairushi mguu. Unyayo ulipokwaruzwa kutoka kisigino kwenda mbele, kidole gumba kilipanda juu badala ya kujikunja chini, na kwa mtu mzima hiyo ni ishara kwamba njia ya amri kutoka ubongoni imeguswa ndani ya ugwe. Alipoinamisha kidevu kifuani, shoti kama ya umeme ikamshuka mgongoni mpaka miguuni. Safu za nyuma zilizovuliwa mielini hulia zinapovutwa. Ukiyaweka pamoja, ugonjwa uko ndani ya uti wa mgongo, nyuma na pembeni, pande zote mbili, na barabara ya pini imeachwa.

Orodha ya vitu vinavyofanya hivyo si ndefu. Kuna kaswende ya zamani, virusi vya Ukimwi vikikaa bila dawa, upungufu wa madini ya shaba, na kilicho juu ya orodha kwa mzee wa metfomini, upungufu wa vitamini B12. Dawa hiyo inapunguza ufyonzwaji wa B12 utumboni, na ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo deni linadaiwa taratibu na mtu hajui. Bila B12 mielini haitunzwi, inavimba na kubomoka, na nyuzi nene zenye vazi kubwa zinaumia kwanza. Damu inaweza kuonekana haina shida yoyote huku uti wa mgongo ukiharibika, kwa hiyo hesabu nzuri ya damu isikutulize.

Kipimo cha B12 kilirudi kikiwa pikogramu 96 kwa mililita. Maabara nyingi huweka mpaka wa chini karibu na 200. Wasipokuwa na uhakika kwa mgonjwa aliye mpakani, kipo kipimo cha pili cha asidi inayojikusanya B12 ikipungua, lakini hapa hakikuhitajika. Tabibu hakusubiri picha ya MRI kabla ya sindano ya kwanza. Picha ilipopatikana wiki mbili baadaye ilionyesha doa jeupe nyuma ya ugwe shingoni, umbo la herufi V iliyopinduliwa, safu mbili za nyuma zikionekana kama zimechorwa kwa chaki.

Jambo moja aliloandika kwenye cheti kwa herufi kubwa ni kwamba mzee asipewe asidi foliki peke yake. Vitamini hiyo inaweza kuirekebisha hesabu ya damu na kumfanya kila mtu aridhike, huku neva zikiendelea kuharibika.

Sindano zilikuwa za miligramu moja za haidroksokobalamini kwenye msuli, siku moja kuchoma na siku moja kupumzika kwa majuma ya mwanzo, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, na hazitakoma maadamu kinachoikomba B12 kipo. Shoti za shingoni zilikwisha mapema. Ganzi ya mikono ikafuata. Uma ulihisiwa gotini mwezi wa tatu, na mwezi wa saba ulihisiwa kwenye ugoko. Kidoleni bado, na huenda pasirudi kamwe, kwa sababu uzi uliovuliwa mielini unaweza kuvikwa tena, lakini uliokwisha kufa ndani ya uti wa mgongo hauoti upya.

Uani wameweka kigoda kando ya bomba na taa ya sola juu ya mlango. Siku hizi anaweza kunawa uso akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa kwenye ukuta, na kigoda wamekiacha palepale.